Usiku wa Kuamkia Jumamosi

Picha ziliingia WhatsApp asubuhi ya Jumapili, kumi na moja kwa mkupuo mmoja, bila mpangilio wowote. Kaka yangu, mwalimu wa historia katika sekondari moja huko Tanga, alikuwa ameambiwa na daktari wake alete rekodi ya mwezi mmoja ya usingizi na ya hatua anazotembea kila siku. Rekodi anayo, kwa sababu simu yake huhesabu hatua tangu asubuhi, na bangili aliyonunua mwaka jana, anayoivaa usiku tu kwa kuwa mchana humwasha, hupima usingizi. Alichofanya ni kupiga picha za skrini ya programu ya afya, wiki baada ya wiki, kisha akanitumia na ujumbe mfupi: "Mdogo wangu, nitolee wastani, halafu uniambie napanda au nashuka."

Nilidhani ni kazi ya robo saa. Ilinichukua jioni mbili, na muda mwingi haukwenda kwenye hesabu. Ulikwenda kwenye kujua kila namba ni ya siku gani, na ni ya siku nzima au nusu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzipanga picha. Tarehe ambayo picha imeingia WhatsApp haisemi kitu. Tarehe inayohitajika ni ile iliyoandikwa juu ya grafu yenyewe, mwanzo na mwisho wa wiki. Nilipozipanga nikaona kwamba picha mbili zilikuwa za wiki ileile, na nyingine ilianzia Jumatano hadi Jumanne, kwa sababu kaka alitelezesha kidole kidogo tu na programu ikamwonyesha siku saba zinazokata wiki mbili. Ningejumlisha picha zote kama zilivyokuja, siku kadhaa zingehesabiwa mara mbili. Kwa hiyo sikujumlisha picha. Nilichora jedwali kwenye daftari, kila mstari siku moja, kila siku ikiandikwa mara moja tu, na picha zikawa mahali pa kusomea namba. Wiki yangu niliianzisha Jumatatu. Programu nyingine huianzisha Jumapili, na majina yetu ya siku huianzisha Jumamosi. Lolote litafaa, mradi usibadilishe katikati.

Grafu ya wiki nayo ina mtego wake. Huonyesha nguzo saba na wastani kwa juu, bila namba ya kila siku, na macho hushawishika kulinganisha urefu wa nguzo. Lakini kipimo cha pembeni hubadilika kila wiki ili nguzo ndefu kuliko zote ijae kwenye skrini. Katika wiki moja ya kaka nguzo ya juu ilikaribia 10,000, katika nyingine 6,000, na kwenye picha nguzo hizo mbili zilikuwa na urefu uleule. Nikamwomba aguse kila nguzo ili namba yake itokee, kisha ndipo apige picha. Na upande wa usingizi aangalie maneno yaliyo juu ya namba, maana simu yake hutoa mbili: `Time in Bed`, yaani muda aliokaa kitandani, na `Time Asleep`, yaani muda ambao bangili inaamini alikuwa amelala. Wiki ya kwanza alikuwa amenipa muda wa kitandani, wiki zilizofuata muda wa usingizi. Mwezi mzima ungeonekana umeanza kwa usingizi mnono kisha ukaporomoka, kwa sababu tu ya namba mbili zisizo za jamii moja.

Baada ya kusahihisha hayo, wiki ya kwanza ya usingizi ilisomeka hivi, kwa saa na dakika: Jumatatu 6:40, Jumanne 5:50, Jumatano 6:15, Alhamisi 6:55, Ijumaa 5:35, Jumamosi 8:10, Jumapili 7:35.

Hapa ndipo watu wengi huharibu hesabu bila kujua. Saa ina dakika 60, lakini kalkuleta haijui hilo. Ukiandika 6.40 jumlisha 5.50 na kuendelea hadi mwisho, utapata 45.40, ukigawa kwa 7 utapata 6.49, na utaandika kwa furaha kwamba wastani ni saa 6 na dakika 49. Si kweli. Njia salama ni kugeuza kila usiku kuwa dakika kwanza: 6:40 ni 400, 5:50 ni 350, kisha 375, 415, 335, 490 na 455. Jumla ni dakika 2,820. Gawa kwa 7, unapata 403. Ndani ya 403 mna saa 6, ambazo ni dakika 360, na zinabaki dakika 43. Wastani wa kweli ni saa 6 na dakika 43.

Kuna kosa pacha la hilo. Mtu anajua kwamba dakika 2,820 ni saa 47, anagawa 47 kwa 7, kalkuleta inampa 6.71, naye anasoma saa 6 na dakika 71. Dakika 71 zinamshtua, basi anazigeuza kuwa saa 7 na dakika 11. Ile 0.71 ni sehemu ya saa, izidishe kwa 60 na dakika 43 zitarudi. Ukifanya kazi kwa dakika tangu mwanzo hadi mgawanyo wa mwisho, makosa yote mawili hayapati pa kuingilia.

Saa ya kulala ni jambo jingine, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko simu. Daktari alitaka kujua pia kaka hulala saa ngapi kwa kawaida. Skrini ilionyesha usiku mmoja 23:40 na wa pili 00:20. Jumlisha, gawa kwa mbili, jibu ni 12:00, adhuhuri, wakati kaka yuko darasani. Tatizo ni kwamba saa ya simu hurudi sifuri katikati ya usiku, palepale watu wengi wanapopanda kitandani. Saa yetu haivunjiki hapo. Huanza kuhesabu usiku tangu jua linapozama, kwa hiyo 23:40 ni saa 5:40 usiku na 00:20 ni saa 6:20 usiku. Dakika 340 na dakika 380, wastani 360, yaani saa 6 kamili usiku, na hilo ndilo jibu sahihi. Niliandika saa zote za kulala kwa Kiswahili na hesabu ikaenda bila kikwazo. Njia hii ingemshinda mlinzi wa usiku anayelala alfajiri, maana saa yetu nayo huvunjika, ila kwake ni saa 12 asubuhi.

Lugha ilinisaidia mara ya pili. Nilimuuliza kaka usingizi ulioandikwa Jumamosi ni wa usiku upi. "Si wa Jumamosi usiku?" akajibu. Hapana. Programu yake, kama zilivyo nyingi, huuandika usingizi kwenye siku unayoamka. Usingizi wa Jumamosi ni wa usiku wa kuamkia Jumamosi, alioupata baada ya kazi ya Ijumaa. Wazee wetu wanaposema usiku wa Ijumaa wakimaanisha ule unaoitangulia Ijumaa, wanahesabu kwa namna hiyohiyo. Hatua za siku hiyo, kwa upande mwingine, ni za mchana unaofuata. Kwa hiyo mstari mmoja wa daftari unasema: alilala hivi, kisha akatembea hivi. Ukiusoma kinyume utadhani kutembea sana Jumamosi ndiko kulikompa usingizi wa saa 8, wakati usingizi ulitangulia.

Wiki ya pili ilikuwa na mashimo. Kulikuwa na msiba kwa jamaa wa shemeji, kaka akakesha usiku wa kuamkia Alhamisi na wa kuamkia Ijumaa, na bangili ilibaki nyumbani. Zilibaki siku tano: dakika 380, 365 na 390 za siku za kazi, kisha 480 na 450 za mwisho wa wiki. Jumla 2,065, ukigawa kwa tano unapata 413, yaani saa 6 na dakika 53. Programu yenyewe ilionyesha namba hiyohiyo, kwa sababu nayo hugawa kwa siku zenye data tu. Ukigawa kwa saba unapata saa 4 na dakika 55, ambayo ni uongo mtupu, kwa sababu unazihesabu siku mbili zisizopimwa kana kwamba hakulala hata dakika moja.

Anayetumia jedwali la kompyuta azingatie jambo hilihili. Kisanduku kitupu hurukwa, lakini ukiandika 0 kitahesabiwa kama usiku wa kukesha uliopimwa.

```
=AVERAGE(B2:B8)
```

Hata hivyo, ile 6:53 ilinisumbua. Ilikuwa juu ya wiki ya kwanza kwa dakika 10, katika wiki ambayo mtu alikesha mara mbili. Nilipotazama siku zilizokosekana nikaelewa. Zote mbili zilikuwa za kazi, na siku za kazi ndizo kaka hulala kidogo. Ukiziondoa siku mbili fupi, wastani wa zilizobaki lazima upande, ingawa hakuna usiku hata mmoja uliokuwa mzuri zaidi. Nilijaribu kuzijaza nafasi hizo mbili kwa wastani wa siku zake tatu za kazi za wiki hiyo, dakika 378, na wastani wa wiki ukarudi 403, sawasawa na wiki ya kwanza. Kupanda kwote kulikuwa kivuli cha siku zilizokosekana. Na kwa kuwa usiku wa matanga hakulala hata hizo 378, ukweli uko chini zaidi. Katika daftari niliandika 6:53, na pembeni: siku 5 tu, kesha mbili hazikupimwa. Nimeamini kwamba safu ya maelezo ni ya lazima kama safu ya namba.

Wiki ya tatu ilitoa 6:20, ya nne 6:14. Sasa tukawa na namba nne za dakika: 403, 413, 380, 374. Je, anashuka? Kompyuta hujibu swali hilo kwa amri moja, ambayo huchora mstari ulionyooka kupita katikati ya namba na kukupa mteremko wake. Safu A ina namba za wiki, 1 hadi 4, na safu C ina wastani wa kila wiki.

```
=SLOPE(C2:C5,A2:A5)
```

Jibu ni -12. Kila wiki kaka anapoteza dakika 12 za usingizi. Ukiuamini mstari huo na kuuendeleza, baada ya wiki nne nyingine atakuwa analala chini ya saa 5 na nusu, na hapo mtu huanza kutafuta dawa.

Kabla ya kumtisha nilifanya jaribio dogo ambalo ningemshauri kila mtu alifanye. Nilichukua wiki ya kwanza nikauondoa usiku mmoja tu, ule wa dakika 490. Zikabaki dakika 2,330 kwa siku sita, wastani 388, saa 6 na dakika 28. Usiku mmoja ulitosha kuusogeza wastani wa wiki nzima kwa dakika 15. Basi tofauti ya dakika 6 kati ya wiki ya tatu na ya nne haina maana yoyote, na hata dakika 29 kati ya ya kwanza na ya nne zingeweza kuletwa na siku mbili za bahati. Wastani wa siku saba hutulia kuliko usiku mmoja, lakini nao hutikisika.

Kilichonipa jibu ni kugawa wiki vipande viwili, siku tano za kazi na siku mbili za mwisho wa wiki. Siku za kazi zilitoa wastani wa 6:15, 6:18, 6:18 na 6:12. Ni kama mtu hakubadilika kabisa. Mwisho wa wiki ulitoa 7:52, 7:45, 6:25 na 6:19. Hapo hakuna mteremko, kuna ngazi moja: wiki mbili juu, wiki mbili chini, na kati yake kuanguka kwa saa moja na dakika 20.

Nikampigia. "Kaka, kuanzia wiki ya tatu Jumamosi na Jumapili unaamka kwenda wapi?"

Kimya kidogo, kisha akacheka. Alikuwa ameanzisha darasa la ziada kwa watahiniwa wa kidato cha nne, saa 1 asubuhi, siku zote mbili. Mstari wa kompyuta ulikuwa umelichukua tukio moja, lenye tarehe yake, na kulitandaza kuwa mmomonyoko wa kila wiki. Hataendelea kushuka hadi chini ya saa 5 na nusu, ila hatapanda pia, hadi darasa lihame.

Kwenye hatua mambo yalikwenda kinyume. Wiki ya kwanza ilikuwa na jumla ya 50,175, wastani 7,168 kwa siku. Wiki ya nne ilikuwa na siku sita kamili zenye jumla ya 34,580, na Jumapili yenye hatua 1,120. Namba hiyo ndogo ilinifanya nitazame kona ya juu ya picha, mahali pa saa ya simu: 10:05. Saa 4 asubuhi siku haijaanza. Ukiijumuisha unapata wastani wa 5,100, ukiitupa unapata 5,763, na zote mbili si sahihi. Ya pili huonekana ya haki zaidi, lakini Jumapili ndiyo siku ambayo kaka hutembea kidogo kuliko zote, kwa hiyo kuitupa kunampendelea. Usingizi wa Jumapili hiyohiyo, kumbuka, ulikuwa umeshakamilika alipoamka. Picha moja inaweza kuwa nzima kwa usingizi na nusu kwa hatua. Tiba ilikuwa nyepesi: kesho yake alipiga picha nyingine, Jumapili ikasoma 3,410, na wastani wa kweli ukawa 5,427.

Bado ilikuwa chini ya wiki ya kwanza kwa hatua 1,700 na zaidi. Nikagawa tena. Jumamosi haikubadilika sana, 9,870 dhidi ya 9,380. Siku za kazi ndizo zilizoanguka, kutoka 7,280 hadi 5,040. Nikamwomba afungue siku moja ya kazi kwa mtazamo wa saa kwa saa. Asubuhi kulikuwa na nguzo, jioni kulikuwa na nguzo, na katikati, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, palikuwa peupe kabisa. Hakuna mwalimu anayefundisha saa sita bila hatua hata moja. Simu ndiyo iliyokuwa imekaa. Betri yake ilikuwa imechoka, haifiki jioni, na kaka alikuwa ameanza kuiacha kwenye chaji katika ofisi ya walimu. Kihisi kilicho ndani ya simu huhesabu mtikisiko wa simu, si wa mwenye simu.

Watafiti huliwekea jambo hili sheria. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wa Marekani 16,741, wenye wastani wa umri wa miaka 72, waliovaa kipimo kiunoni kwa siku saba. Siku ilihesabiwa tu ikiwa kipimo kilivaliwa angalau saa 10, na mtu alihitaji angalau siku nne za namna hiyo. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea kama 2,700, na faida iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Ile 10,000 ambayo simu ya kaka ilimwekea kama lengo ina asili nyingine. Ilienezwa na kipimo cha hatua kilichouzwa Japani kuanzia 1965 kwa jina la Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Siku za kazi za kaka za wiki ya nne zisingepita mlango wa watafiti hao, maana simu ilikaa mfukoni kwa saa chache mno.

Usingizi nao una mipaka isiyoondoka kwa hesabu. Bangili hubaini usingizi hasa kwa utulivu wa mkono na mapigo ya moyo, kwa hiyo mtu anayelala macho, ametulia kimya akiwaza ada za watoto, huandikiwa usingizi. Namba zake huelekea kuwa juu kidogo ya ukweli. Kwa kuwa bangili ni ileile na mkono ni uleule, kulinganisha wiki na wiki bado kunafaa. Kulinganisha 6:14 ya kaka na 6:14 ya jirani mwenye bangili ya aina nyingine hakufai.

Kaka alinunua pawabenki ndogo, akaiweka simu mfukoni wiki nzima ya tano, na siku zake za kazi zikatoa wastani wa 7,150. Zile hatua zilizopotea hazikuwahi kupotea. Kwenye karatasi aliyompelekea daktari tuliandika wastani wa kila wiki na idadi ya siku zilizopimwa. Hatua za siku za kazi za wiki ya tatu na ya nne tulizikata kwa mstari wa kalamu nyekundu, na pembeni ya usingizi tukaandika: siku za kazi hazijabadilika, mwisho wa wiki umepungua saa moja na dakika 20 tangu darasa la saa 1 asubuhi lianze. Darasa la Jumapili amelihamishia saa 9 alasiri. Usiku wa kuamkia Jumapili iliyopita alilala dakika 450, nami nimeziandika kwenye mstari wake. Ni usiku mmoja.